Viganja vinawasha usiku kucha, na ngozi haina kipele hata kimoja

Shangazi, shikamoo. Nina mimba ya wiki 33, ya pili. Siku ya kumi na mbili leo viganja na nyayo vinaniwasha hadi natamani kulia. Mchana navumilia, lakini nikizima taa tu ndipo kazi inaanza. Juzi saa nane za usiku nilisugua miguu kwa brashi ya kufulia mpaka ngozi ikachubuka. Upele sina. Kliniki walinipa vidonge vya mzio, vinanilaza saa mbili tatu, nikiamka muwasho uko palepale. Nilipong'ang'ania wakanipima ini. ALT ni 44, na karatasi inasema mwisho ni 45, kwa hiyo nikaambiwa ini langu ni zima, ni ngozi tu inatanuka. Mama mkwe naye anasema hivyo hivyo. Mimba ya kwanza niliwashwa kidogo mwishoni, sikumwambia mtu. Kliniki yangu ijayo ni baada ya wiki mbili. Nisubiri, au kuna jambo?
Mama Asiyelala

Marahaba, mwanangu. Usisubiri hizo wiki mbili. Kesho kukikucha rudi kliniki, na ukifika usiseme tu "ninawashwa", maana neno hilo wahudumu hulisikia kutwa nzima, na mara nyingi kweli huwa ni ngozi ya tumbo. Sema hivi: "Viganja na nyayo vinaniwasha, usiku huzidi, sina upele, mimba ni wiki 33, naomba nipimwe asidi za nyongo." Mkunga aliyesoma akiyasikia hayo yote kwa mpigo, kuna jina moja litakalomjia kichwani: kolestasisi ya ujauzito, yaani nyongo kushindwa kutiririka vizuri kutoka kwenye ini wakati wa mimba. Sisemi kwamba unayo. Nasema bado hujapimwa, ijapokuwa una karatasi ya maabara mkononi.

Tuanze na karatasi hiyo. ALT ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli za ini. Seli zikiumia huvuja na kuonekana kwenye damu. Ule mwisho wa 45 uliochapishwa pembeni uliwekwa kwa watu wazima wasio na mimba. Damu ya mjamzito imeongezeka maji, vipimo vingi vya ini vinashuka, na mwisho wake wa ALT ni kama 30 hivi. Kwa hiyo 44 yako imepanda. Haijapanda kwa kutisha, lakini aliyekuambia iko sawa aliisoma kwa kipimo cha mtu mwingine. Kosa hilo nimeliona mara nyingi, na silaumu sana, kwa sababu mashine ndiyo inayochapa mipaka na haijui kama aliyetolewa damu ana mimba. Ukiona pia herufi ALP na namba yake iko juu, hiyo isikusumbue: kondo la nyuma lenyewe huitoa, na kila mjamzito wa miezi ya mwisho huwa nayo juu.

Sasa jambo lenye uzito zaidi. Hata ALT yako ingekuwa 20, bado nisingeridhika. ALT inajibu swali la kama seli za ini zimeumia. Haijibu swali la kama nyongo imekwama. Bomba linaweza kuziba siku kadhaa kabla ukuta haujaanza kulowa, na wapo wanawake ambao asidi za nyongo zimepanda kwenye damu huku ALT ikiwa imetulia tuli. Maabara nyingi, ukiandikiwa "vipimo vya ini", hazigusi asidi za nyongo kabisa. Ni kipimo kinachoombwa peke yake, kwa jina lake. Kwenye baadhi ya fomu utakiona kimefupishwa TBA. Kama maabara ya hapo haikifanyi, sampuli husafirishwa kwenye maabara kubwa, na hapo uliza kabisa majibu yatarudi lini na nani atakupigia.

Wala usishinde njaa kwa ajili yake. Zamani tulikuwa tukiwaambia wanawake waje bila kula, kama wanavyofanya wanaopimwa sukari. Siku hizi mwelekeo umegeuka: asidi hizi hupanda baada ya kula, na kinachotafutwa ni kile kilele ambacho mtoto anakutana nacho. Kula kama kawaida, nenda, tolewa damu.

Nikueleze kinachotokea huko ndani, maana ukielewa hili mengine yatakuwa mepesi. Ini hutengeneza nyongo usiku na mchana, na ndani ya nyongo mna asidi zinazofanya kazi kama sabuni: huvunjavunja mafuta ya chakula ili utumbo uyafyonze. Kila seli ya ini ina vipampu vidogo vinavyosukuma asidi hizo nje, ziingie kwenye vijia vyembamba mno, kisha ziteremke hadi utumbo. Miezi ya mwisho ya mimba homoni za estrojeni na projesteroni zinafika kileleni, na mabaki yake hupita kwenye ini hilo hilo. Kwa wanawake wengi vipampu vinavumilia. Kwa wachache vinazidiwa, na baadhi yao walizaliwa na vipampu dhaifu tangu mwanzo, dhaifu kwa namna ambayo wasingeijua kamwe kama wasingebeba mimba. Asidi zikikosa njia ya kutoka hurudi nyuma kwenye damu.

Ndiyo maana mtu wa kumpigia simu leo si mama mkwe. Mpigie mama yako mzazi na dada zako, uwaulize kama kuna aliyewahi kuwashwa viganja mwishoni mwa mimba. Mama mkwe anakupenda, sina shaka, lakini damu yake hukuirithi. Na ule muwasho mdogo wa mimba yako ya kwanza uutaje kwa daktari. Hali hii hupenda kurudi mimba baada ya mimba, tena sana, na mara nyingi ile ya kwanza hupita bila jina kwa sababu mtoto alizaliwa na muwasho ukaisha wenyewe. Wanaobeba mapacha nao huipata zaidi, kwa kuwa homoni zao ni nyingi zaidi.

Kabla hujalala leo, fanya jambo moja dogo. Mwombe mumeo, au yeyote uliye naye, akuangalie mgongoni penye mwanga mzuri, hasa pale katikati ya mabega ambapo mkono wako haufiki. Katika kolestasisi ngozi yenyewe haina ugonjwa. Mistari myekundu, magaga ya damu na michubuko yote ni kazi ya kucha, au ya hiyo brashi yako. Kwa hiyo pale ambapo kucha hazifiki ngozi huwa safi, laini, kama ya mtu asiye na shida yoyote. Nilifundishwa hivyo na mkunga mkubwa wangu, na bado ni jambo la kwanza ninalolitazama. Ukikuta vipele hata pale, basi tunazungumza habari nyingine. Vipele vinavyoanzia kwenye michirizi ya tumbo na kukiruka kitovu ni vya ngozi, vinaudhi lakini havina madhara kwa mtoto. Malengelenge yanayoanzia kwenye kitovu chenyewe yanahitaji daktari wa ngozi upesi. Na kama kuna vijipele katikati ya vidole na wengine nyumbani nao wanajikuna, huo ni upele wa kuambukizana na unatibiwa nyumba nzima.

Tazama pia mkojo na choo. Mkojo uliokolea hata ukiwa umekunywa maji ya kutosha, na choo kilichopauka, ni dalili kwamba nyongo haifiki inakotakiwa. Macho kuwa ya manjano hutokea, lakini kwa wachache tu, kwa hiyo usijipe moyo kwa sababu macho yako ni meupe. Wengi niliowaona na hali hii macho yao yalikuwa meupe pe.

Hivyo vidonge vya mzio havijakosewa, ila vimepewa kazi isiyo yao. Muwasho wa mzio unatokana na histamini, na vidonge huizuia. Muwasho huu hautoki huko. Ile nafuu unayoipata ni usingizi tu wa dawa. Unaweza kuendelea kumeza kimoja usiku kama uliandikiwa, ili upate saa mbili tatu za kulala, mradi mtu yeyote asikihesabu kuwa ndiyo tiba.

Nikusimulie mama mmoja niliyemhudumia, kwa sababu safari yake inaonyesha namna kipimo hiki kinavyoweza kumpotosha mtu mwenye haraka. Alikuja wiki ya 32, muwasho umeanzia kwenye nyayo. Alikuwa na mtindo wa kuvua viatu kwenye benchi la kusubiria na kukandamiza nyayo kwenye sakafu ya baridi, moja, kisha nyingine, kisha ya kwanza tena. Hata kabla hajafungua mdomo nilishajua nitaandika nini. Asidi za nyongo zikarudi 14, ALT 25. Siku hizi namba ya kuanzia kusema "hii ni kolestasisi" ni 19 kwa damu iliyotolewa bila kufunga. Maabara nyingine bado zinatumia 10 ya zamani. Kwa hiyo 14 ikawa katikati, na daktari wa zamu akamwambia arudi nyumbani, hana kitu.

Alikuwa na kitu, ila kilikuwa bado njiani. Muwasho unaweza kutangulia namba kwa siku nyingi, hata wiki kadhaa. Jibu la kawaida kwa mwanamke ambaye bado anawashwa maana yake ni "rudia kipimo", wiki moja au mbili baadaye, na urudie tena mpaka muwasho uishe au azae. Tukarudia siku ya tisa: 46, ALT 71. Na karatasi hiyo, kwa masikitiko yangu, ilikaa siku nne kwenye trei kabla mtu hajaigeuza. Tangu hapo kila mama ninamwambia awe na kawaida ya kuyafuata majibu yake mwenyewe, asingoje kuitwa.

Na 46 ilimaanisha nini? Hapa ndipo hofu inahitaji kupewa kipimo. Linaloogopwa katika kolestasisi ni mtoto kufia tumboni ghafla, bila kudhoofika kwanza. Asidi za nyongo huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto; zikiwa nyingi mno zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo wake. Mwaka 2019 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya taarifa za wanawake zaidi ya 5,000 wenye hali hii waliobeba mtoto mmoja mmoja, wakapangwa kwa kiwango cha juu kabisa walichowahi kufikia. Wale waliobaki chini ya 40, mtoto mfu alikuwa kama 1 kwa kila 1,000. Kati ya 40 na 99, kama 3 kwa kila 1,000. Waliofika 100 na kuendelea, kama 34 kwa kila 1,000. Tazama mruko ulipo. Wengi wanaopata kolestasisi hawafiki 100, na hatari yao kwa sehemu kubwa ya mimba iko karibu na ile ya mjamzito yeyote. Lakini hakuna njia ya kujua uko kundi gani kwa kuhisi, kwa sababu ukali wa muwasho haufuati namba. Nimeona mwenye 25 akilia usiku kucha na mwenye 110 akijikuna kama aliyeumwa na mbu.

Namba hiyo ndiyo inayopanga tarehe ya kuzaa, na kwa kweli hiyo ndiyo faida yake kubwa. Kwa mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Uingereza wa mwaka 2022, mwenye 19 hadi 39 anaweza kusubiri mpaka karibu wiki ya 40. Mwenye 40 hadi 99 huzungumziwa kuanzishiwa uchungu wiki ya 38 hadi 39. Mwenye 100 na zaidi, wiki ya 35 hadi 36. Kwingine mipaka inasogea kidogo, na mwenye mapacha, presha au kisukari cha mimba hupangiwa mapema zaidi, kwa hiyo daktari wako akitaja wiki tofauti kidogo na hizi usidhani amekosea. Muulize tu: "Namba yangu ya juu kabisa ilikuwa ngapi, na tarehe hii imetokana na nini?" Mtoto wa wiki 36 anaweza kuhitaji kusaidiwa kupumua au kunyonya siku za mwanzo, kwa hiyo hakuna daktari mwangalifu atakayemtoa mapema kwa sababu ya muwasho mtupu. Inabidi kuwe na namba.

Yule mama wangu tulimpima kila wiki. Alipanda hadi 58, akatulia 52. Alianzishiwa uchungu wiki ya 38 na siku mbili, akajifungua kwa njia ya kawaida. Kolestasisi yenyewe haimlazimishi mtu upasuaji. Hilo huulizwa mno, ndiyo maana nalisema. Uchungu ukianza, mwambie anayekupokea mlangoni kwamba una hali hii na utaje namba yako ya juu, maana aliyefika 100 mtoto wake husikilizwa mapigo ya moyo mfululizo mpaka anatoka. Watoto hawa pia hujisaidia tumboni mara nyingi kuliko wengine, na mhudumu akijua mapema hujiandaa.

Utaandikiwa huenda dawa iitwayo asidi ya ursodioksikoliki, vidonge vinavyosaidia nyongo itembee. Nayasema haya kwa uwazi kwa sababu wengi huimeza wakiamini kwamba sasa mtoto amekingwa. Utafiti mkubwa wa wanawake 605, ambao nao ulichapishwa 2019, uliwagawa, nusu wakapewa dawa na nusu vidonge visivyo na dawa. Muwasho ulipungua kidogo tu kwa waliopewa dawa, na matokeo ya watoto hayakutofautiana. Ukipewa, itumie kama inakupa nafuu. Mtoto ni salama nayo. Lakini usikubali dawa iwe mbadala wa kurudia kipimo au wa kupanga tarehe. Kama choo chako kimepauka, uliza pia kuhusu vitamini K: bila nyongo ya kutosha mafuta hayafyonzwi, vitamini hiyo huingia mwilini pamoja na mafuta, na ikipungua damu huchelewa kuganda, jambo usilolitaka siku ya kuzaa.

Kwa usiku huu, weka hiyo brashi mbali. Ngozi iliyochubuka huingiza vijidudu, na kujikuna kwa nguvu kunaamsha muwasho zaidi. Kata kucha. Loweka miguu na mikono kwenye maji ya baridi kabla ya kupanda kitandani, jipake losheni isiyo na manukato. Ile yenye mentholi kidogo huwaliwaza wengi, na ukiihifadhi kwenye friji hufanya kazi zaidi. Joto ni adui: lala kwa shuka jepesi, toa nyayo nje. Hayo hayatibu kitu, yanakufikisha asubuhi tu. Na dawa za mitishamba za "kusafisha ini" ziache kabisa. Ini linalohangaika na mzigo wake halihitaji kuongezewa mwingine usiojulikana.

Kuhusu kucheza kwa mtoto. Utaunganishwa kwenye mashine ya kusikiliza mapigo ya moyo na utafanyiwa picha ya tumbo, na vyote vinaweza kuwa vizuri. Vinaeleza hali ya mtoto saa ile; haviwezi kukuahidi kesho, kwa sababu tatizo hili halimkondeshi mtoto polepole hadi lionekane. Hilo halimaanishi uache kufuatilia mateke. Unajua mwanao huwa anacheza vipi. Akipunguza, au akinyamaza kwa namna isiyo ya kawaida yake, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama ulipimwa asubuhi. Ule usemi kwamba mtoto hupunguza kucheza akikaribia kuzaliwa kwa kuwa nafasi imebana, usiupokee.

Dalili nyingine zisizongoja kesho ni kichwa kuuma sana, macho kuona vimulimuli, maumivu makali juu ya tumbo upande wa kulia chini ya mbavu, kutapika kusikokoma, au kujisikia mgonjwa kweli kweli. Kolestasisi ya kawaida huwasha na kuchosha. Hailazi mtu kitandani. Hayo mengine ni dalili za kifafa cha mimba kinapogusa ini, au ini kujaa mafuta ghafla, na hizo ni dharura za kuhesabiwa kwa saa. Daktari atataka pia kukupima presha, mkojo, na pengine homa ya ini ya virusi, hasa kama ALT inaendelea kupanda. Mruhusu.

Ukishajifungua, muwasho kwa kawaida hukatika ndani ya siku chache. Yule mama siku ya nne alinipigia simu kuniambia amelala saa sita mfululizo, na mtoto ndiye aliyemwamsha. Unaweza kunyonyesha bila wasiwasi. Ila usiliache ini hapo: wiki 4 hadi 6 baada ya kuzaa rudia ALT na asidi za nyongo. Zikirudi chini, jambo limekwisha kwa mimba hii. Zisiporudi, basi kulikuwa na ugonjwa mwingine wa ini uliojificha nyuma ya mimba na unahitaji kutafutwa. Ukifika kuchagua njia ya uzazi wa mpango, mtajie mhudumu kwamba uliwahi kupata hali hii, kwa kuwa vidonge vyenye estrojeni vinaweza kuwaamshia muwasho baadhi ya wanawake. Na ukishika mimba nyingine, omba vipimo hivyo mapema kabisa, kabla hujaanza kuwashwa, ili ijulikane namba zako za kawaida ni zipi.

Kesho basi. Chukua hiyo karatasi ya ALT, kwenye kona yake andika tarehe muwasho ulipoanza, na chini yake "mimba ya kwanza pia". Ukikutana tena na anayesema ni ngozi kutanuka, mwonyeshe viganja vyako na umuulize ni lini mimba iliwahi kutanua kiganja.